Namba 3 ndani ya VLOOKUP: safu zikihamishwa, mkulima analipwa bei gani?

Kazi yangu ni kutengeneza majedwali ya malipo katika Eksel kwa wanunuzi wa kahawa upande wa Masaka, Uganda, na jedwali ninaloulizwa zaidi lina shiti mbili tu. Ya kwanza, tuiite Orodha, ina bei za wiki: safu A ni msimbo, B ni aina ya kahawa, C ni bei ya kilo, D ni makato ya usafiri. Ya pili, Malipo, ina mkulima, msimbo wa kahawa aliyoleta na kilo zake. Fomula inachukua msimbo, inaenda Orodha na kurudi na bei.

Makarani wengi huandika hivi:

```
=VLOOKUP(B2,Orodha!$A$2:$D$20,3,FALSE)
```

Maana yake: tafuta kilicho B2 katika safu ya kwanza ya eneo hilo, kisha nipe kilichomo katika safu ya tatu. Hiyo 3 ndiyo ya kuangaliwa. Eksel inaiona kuwa namba ya kawaida, haijui kwamba wewe ulimaanisha bei.

Sasa bosi anataka kulinganisha bei. Anaingiza safu mpya kabla ya C na kuandika bei ya wiki iliyopita. Eksel inalinyoosha eneo lenyewe kutoka A:D hadi A:E, lakini 3 inabaki 3. Bei ya wiki hii imesogea hadi safu ya nne, na fomula inasoma bei ya wiki iliyopita bila kutoa alama yoyote ya kosa. Tuseme kwa mfano kilo ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, wiki iliyopita ilikuwa shilingi 6,200 na wiki hii ni 6,500. Mkulima aliyeleta kilo 480 anapunjwa shilingi 144,000, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana sawa, kwa sababu 6,200 ni bei ambayo kila mtu stoo anaifahamu. Kama badala yake yangetokea maandishi au sifuri, karani angeshtuka mara moja. Namba inayofanana na ukweli hupita hadi mkononi mwa mkulima.

Ukifuta safu mambo ni mabaya vilevile. Futa safu ya bei, na VLOOKUP itachukua iliyoifuata, yaani makato ya usafiri, iwe ndiyo bei ya kilo.

Njia ya pili ni hii:

```
=INDEX(Orodha!$C$2:$C$20,MATCH(B2,Orodha!$A$2:$A$20,0))
```

MATCH inatafuta msimbo uko mstari wa ngapi, INDEX inachukua bei ya mstari huo. Hapa hakuna namba ya safu. Kuna anwani ya safu yenyewe, na Eksel hulinda anwani: ukiingiza safu kabla ya C, fomula inajirekebisha na kusoma D. Ukiikata safu ya bei na kuipeleka kwingine, fomula inaifuata, hata ikiwekwa kushoto kwa msimbo, mahali ambapo VLOOKUP haiwezi kusoma. Ukiifuta, unapata alama ya kosa, #REF!, kwenye kila mstari. Hilo ni jambo jema kabisa, maana malipo yanasimama kabla hayajakosewa. Usisahau tu ile 0 mwishoni mwa MATCH. Ukiiacha, Eksel inatafuta kilicho karibu badala ya kilicho sawasawa, na orodha isiyopangwa kwa mfuatano italeta bei za ovyo.

Basi watu huambiwa, “Tumia INDEX na MATCH, uko salama.” Nakataa kuliacha hapo, kwa sababu safu huhama kwa namna mbili, na njia hii inakinga moja tu.

Namna ya kwanza ndiyo tuliyoiona: mtu anaingiza, anakata au anafuta safu ndani ya shiti. Namna ya pili ni ya kawaida zaidi kwa wanunuzi wetu. Kila Jumatatu bei zinatumwa kwa WhatsApp kutoka Kampala katika faili jipya, karani ananakili zote na kuzibandika juu ya zile za zamani. Aliyetengeneza faili wiki hii ameweka bei ya wiki iliyopita kwenye C na ya wiki hii kwenye D. Kwa Eksel hakuna safu iliyohama, ni maandishi tu yamebadilika ndani ya seli zilezile. Anwani $C$2:$C$20 inabaki ilivyo, na INDEX inaleta bei ya zamani kimya kimya, sawasawa na VLOOKUP. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kutafuta, nayo haikuokoi hapa, maana inaelekezwa kwa anwani vilevile. Tena haimo kwenye Eksel 2016 wala 2019, ambazo bado nazikuta kwenye kompyuta nyingi za stoo.

Kama orodha inabandikwa, acha kutegemea mahali na utafute safu kwa kichwa chake. Mimi hutenga seli mbili kwenye Malipo. J1 inatafuta ilipo safu ya msimbo, J2 ilipo bei:

```
=MATCH("Msimbo",Orodha!$A$1:$Z$1,0)
=MATCH("Bei ya wiki",Orodha!$A$1:$Z$1,0)
```

Kisha fomula ya bei:

```
=INDEX(Orodha!$A$2:$Z$60,MATCH(B2,INDEX(Orodha!$A$2:$Z$60,0,$J$1),0),$J$2)
```

INDEX ya ndani, kwa ile 0, inatoa safu nzima ya msimbo popote ilipo, na ya nje inachukua mstari uliopatikana katika safu ya bei. Aliyetuma faili akiandika “Bei wiki”, au akiacha nafasi mwishoni mwa kichwa, J2 inaonyesha #N/A na malipo yote yanasimama. Hapo karani anasahihisha kichwa na kuendelea. Usiifunike hiyo #N/A kwa IFERROR yenye sifuri. Utakuwa umeondoa ulinzi wenyewe. Udhaifu uliobaki ni vichwa viwili vinavyofanana: MATCH huchukua cha kwanza bila kusema.

VLOOKUP bado naiandika mahali pamoja: jedwali dogo la safu mbili, kama msimbo na jina la kahawa, kiboko na kase, ambalo hakuna atakayeliongezea kitu katikati. Ni fupi, na karani anayerithi kazi anaisoma bila msaada. Kwa chochote kinachogusa fedha na kina safu zaidi ya mbili, situmii.

Ukiwa na jedwali la zamani lililojaa VLOOKUP na huna muda wa kuliandika upya leo, weka seli hii juu ya safu ya bei kwenye Malipo:

```
=INDEX(Orodha!$A$1:$D$1,3)
```

Inaonyesha kichwa cha safu ambayo 3 inasoma kwa sasa. Siku itakapoandika “Bei ya wiki iliyopita”, yeyote anayefungua shiti ataona.

Na kabla ya kukabidhi jedwali lolote, lijaribu kwa namna zote mbili. Andika pembeni jumla ya malipo. Ingiza safu tupu kushoto kwa bei: VLOOKUP itashusha jumla hadi sifuri, INDEX haitatikisika. Rudisha kwa Ctrl+Z. Kisha nakili orodha kwenye faili jingine, badilisha bei na makato nafasi, vichwa pamoja na namba zake, ubandike juu ya ile ya kwanza. Jumla ikibaki ileile, fomula inasoma vichwa. Ikibadilika, bado inasoma mahali.