Majid Asingefariki 1870, Dar Ingekuwaje? Dhana potofu kuhusu swali la "ingekuwaje kama"

Swali hili hupendwa na wanafunzi wa kidato cha sita hapa Dar, maana linahusu mji wao. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Akafariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuendelea na ujenzi, na mji ukadorora. Je, Majid angeendelea kuishi, ingekuwaje? Swali ni zuri, ila insha nyingi zinazolijibu huishia kuwa hekaya.

Dhana: Historia ni ya yaliyotokea tu, kwa hiyo swali hili ni soga.

Ukiandika kwamba kifo cha Majid kilisababisha mji kudorora, tayari umedai kuwa bila kifo hicho usingedorora. Dai lipo, limejificha tu. Swali la "ingekuwaje" linalitoa hadharani likaguliwe.

Dhana: Nikishabadilisha tukio moja, niko huru kubadilisha na mengine.

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Badilisha jambo moja, tena dogo, ambalo hata watu wa wakati ule wangeliona linawezekana. Majid alifariki akiwa na miaka kama 36, hivyo kumwongezea kumi si muujiza. Kumpa reli au jeshi la kuwafukuza Wajerumani ni ngano.

Mengine yote yabaki yalivyokuwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kingevuma vilevile, sultani awe nani. Waingereza nao wangeendelea kubana mpaka upatikane mkataba kama ule wa 1873, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Kwa hiyo Majid wetu wa mwaka 1874 ana mji wa kujenga na hazina iliyoumia. Angejenga kwa fedha ipi? Mwanafunzi anayejiuliza hivyo ameshaanza kuandika historia.

Dhana: Majid angeishi, Dar ingeipiku Bagamoyo mapema.

Linasikika sawa, lakini lipime. Misafara kutoka Unyamwezi ilishuka Bagamoyo kwa sababu wapagazi, wafanyabiashara na wakopeshaji walikuwa wameshazoeana pale, na Unguja iko ng'ambo tu. Jahazi hutia nanga au kupwelea kwenye maji mafupi bila shida. Bandari yenye kina na kinga ya Dar ilikuwa na faida kubwa zaidi kwa meli kubwa za mvuke.

Tuna na kipimo cha kweli. Mwaka 1877 Mwingereza William Mackinnon na wenzake walianza kuchonga barabara kutoka Dar kwenda bara. Mwaka 1881 ikaachwa, ikiwa imefika zaidi ya kilomita 100, na misafara haikuhama Bagamoyo. Ina maana hata mtu alipojitokeza kuifungua Dar, biashara haikumfuata. Hilo linapunguza uzito wa kifo cha Majid.

Haliumalizi, lakini. Mackinnon hakuwa sultani. Majid angeweza kuamuru, au kupunguza ushuru kwa wanaopitia Dar, na insha ya haki lazima ikiri hivyo. Kisha itazame upande wa pili: Wajerumani, ambao hawakuwa na deni lolote kwa ndoto ya Majid, waliifanya Dar makao makuu yao mwaka 1891 badala ya Bagamoyo, na bandari ilikuwa sababu kubwa. Kwangu mimi jibu linaloshikika ni hili: Majid akiishi, mji usingelala sana kati ya 1870 na miaka ya 1880, lakini misafara mingi ingebaki Bagamoyo mpaka meli za mvuke na utawala mpya vibadilishe hesabu.

Dhana: Insha kali hufika mpaka leo.

Kila hatua unayoongeza inakula uhakika wa zilizotangulia. Tuseme kila moja ina uwezekano wa 7 kati ya 10. Majid anaishi na kupata fedha: 0.7. Misafara inahamia Dar: 0.7 × 0.7, yaani 0.49. Wajerumani wanaikuta Dar imara na kuamua tofauti: 0.343. Kwa hatua tatu tu umeshashuka hadi theluthi moja, na bado hujafika hata mwaka 1900. Namba hizo ni za mfano, hakuna anayezijua za kweli, lakini mteremko ni wa kweli.

Ukitaka kujua rasimu yako ilipotelea wapi, fuata vitenzi kwa kalamu. Mahali "angeweza" na "huenda" zinapoisha na "akajenga", "ikawa", "wakashindwa" zinapoanza, bila ushahidi wowote wa kipindi kile katikati, kata hapo. Kwa swali hili la Majid, mara nyingi mkato huangukia aya inayotaja mwaka 1885, Wajerumani walipoanza kudai bara.