"Wakili, hii inamaanisha nihame?"

Juzi nimetumiwa skrinshoti na mtu ana duka la spea za pikipiki huku Kisumu, upande wa Kibuye. Picha imekatwa juu, kinachosomeka ni hiki tu: "...anaweza kusitisha upangaji huu kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi." Chini ameandika, wakili, hii inamaanisha nihame? Landilodi alikuwa tayari ameleta barua.

Sikumjibu ndio wala la, na najua watu hukasirika hapo, lakini shida ni kwamba jibu liko kwa ile sehemu imekatwa. Mkataba wake, alivyoniambia, ni wa miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 haikuwekwa bure. Sheria ya upangaji wa maduka na mahoteli, Sura ya 301, inamlinda mpangaji kama hakuna mkataba wa maandishi au uko lakini hauzidi miaka 5, so landilodi wengi wanaongeza miezi kidogo waitoroke.

Sasa kuna kitu wengi hawajui: hata kama mkataba unapita miaka 5, ukiwa na kipengee cha kuuvunja ndani ya ile miaka 5 ya kwanza bila mpangaji kukosea, unarudi chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo sentensi ikianza na "upande wowote", ule mstari unaomtisha ndio unamkinga, na notisi ya mwezi mmoja haitoshi, lazima itolewe kwa fomu ya sheria, itaje sababu inayokubalika, na ianze kufanya kazi baada ya miezi 2 au zaidi. Lakini ikianza na "mpangaji akikosa kulipa kodi, landilodi", hapo ni mambo ya kukosea, kinga ya Sura ya 301 haiji kupitia mlango huo, na tunahamia Sheria ya Ardhi ya 2012, yenye notisi zake za kumwambia mpangaji amekosea wapi na arekebishe vipi.

Nilimwambia anitumie ukurasa mzima, ule wa kwanza wenye tarehe ya kuanza, na barua yenyewe. Wakati tunangoja: lipa kodi kama kawaida kwa njia inayoacha rekodi, usirudishe funguo, usisaini kitu, na andika siku ulipokea barua, maana kama ni notisi ya Sura ya 301 una mwezi mmoja kumjibu landilodi kwa maandishi kama unakubali au unakataa, na kesi ifike kwa tribunali kabla tarehe ya kuhama ifike. Hayo hayamuumizi sentensi ianze vile itaanza.

Jioni ukurasa ukakuja. Mwanzo wake: "Baada ya miezi 24, upande wowote..." Barua nayo ilikuwa ya mwezi mmoja, haina sababu hata moja. Hapo sasa nikamwambia asihame, tukaanza kuandika ya kukataa.