Oksini haiyeyushi ukuta wa seli

Kuna sentensi inayorudiwa kwenye madaftari ya biolojia mwaka hadi mwaka: oksini, homoni ya ukuaji ya mimea, hulainisha ukuta wa seli, maji yanaingia, seli inarefuka. Nami niliikariri hivyo hivyo. Si ya uongo, ila imeruka sehemu yenye utamu wote, na pale iliporuka ndipo dhana potofu zimejaa.

Dhana: asidi inaula ukuta

Inaeleweka dhana hii ilikotoka. Kwenye shina changa, oksini huzichochea pampu zilizo kwenye utando wa seli zitoe protoni nyingi zaidi nje, kwa hiyo asidi inaongezeka ndani ya ukuta. Wazo kwamba asidi hiyo ndiyo inayoufanya ukuta ulegee, yaani nadharia ya ukuaji wa asidi, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Achim Hager huko Ujerumani, na David Rayle na Robert Cleland huko Marekani. Mtu akisikia neno asidi, anafikiria kitu kinachotoboa nguo. Lakini ukuta unaokua una pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Selulosi, yaani nyuzi zinazoujenga ukuta, haikatwi na asidi hafifu kiasi hicho. Kuikata kunataka asidi kali na joto.

Jaribio linalomaliza ubishi huu halihitaji hata seli iliyo hai. Unaotesha mche wa tango gizani, ukirefuka unakata kipande kifupi cha shina karibu na majani ya kwanza, pale unapokua kwa kasi. Unakigandisha, unakiyeyusha, unakikamua maji yake. Seli zimekufa. Hakuna pampu inayofanya kazi wala maji yanayosukuma kutoka ndani. Zimebaki kuta tupu. Unakibana ncha zote mbili na kukivuta kwa uzito mdogo, kama gramu 20, huku kimezama kwenye bafa, yaani maji yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike.

Bafa ikiwa na pH ya 6.8, kipande kinavutika kidogo kisha kinatulia. Ukiibadilisha ukaweka ya 4.5, ambayo ina protoni zipatazo mara 200 zaidi, baada ya muda mfupi kinaanza kurefuka tena, pole pole, na kinaweza kuendelea kwa saa nyingi.

Sasa chukua kipande kingine kama hicho, ukichovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache tu. Kibane, kivute, kiwekee bafa ile ile ya 4.5. Hakisogei. Kama asidi yenyewe ndiyo ingekuwa inakula ukuta, kuchemsha kusingeizuia. Kilichoharibika ni kitu kisichovumilia joto, na ndani ya ukuta kitu cha namna hiyo ni protini.

Mwaka 1992 Simon McQueen-Mason, Daniel Durachko na Daniel Cosgrove walionyesha hivyo waziwazi. Walitoa protini kwenye kuta za miche ya tango inayokua, wakazitia kwenye kuta zilizokwisha kuchemshwa. Kuta zile zikaanza kurefuka upya, mradi bafa iwe na asidi. Walipozichuja protini hizo walibaki na mbili zilizofanya kazi hiyo, na protini za aina hiyo ndizo zinazoitwa ekspansini. Kwa hiyo asidi ni kama amri. Anayeitekeleza ni mwingine.

Dhana: basi ekspansini ni kimeng'enya kinachokatakata selulosi

Ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu, na watafiti walilitafuta. Hawakuona minyororo ya sukari ikikatwa. Kisha wakajaribu karatasi ya kuchujia, ambayo ni selulosi tupu iliyoshikana bila gundi. Ekspansini iliidhoofisha, karatasi ikakatika kwa urahisi zaidi, na bado hakukuwa na dalili ya minyororo kukatwa. Yaani inaachanisha mahali ambapo nyuzi zimeng'ang'aniana. Fikiria kamba zilizobanana: ukizilegeza zinapoguswa na kuzivuta, zinateleza moja juu ya nyingine, na kila kamba inabaki nzima. Seli ingekuwa hatarini kama kila ilipokua ilikuwa inakata nguzo zake.

Dhana: seli huongeza shinikizo mpaka ukuta ukubali

Hapa mpangilio umepinduliwa. Shinikizo la maji ndani ya seli ya mmea huwa takriban megapaskali 0.3 hadi 1, wakati tairi la gari dogo lina kama 0.2. Nguvu ya kusukuma ipo tayari kabla ya oksini kufika. Kinachokosekana ni ukuta kukubali. Ukuta ukilegea, mkazo wake unapungua, na shinikizo la ndani linashuka kidogo. Kushuka huko ndiko kunakoyafanya maji yavutwe kuingia, na seli inaongezeka ukubwa. Vipimo vilivyofanywa kwenye mashina ya njegere havikuonyesha shinikizo likipanda baada ya kupewa oksini.

Lakini shinikizo halina budi liwepo. Mche ulionyauka haurefuki hata ukiumwagia oksini, kwa sababu chini ya kiwango fulani cha shinikizo hata ukuta uliolegea haunyooki.

Dhana: oksini ikizidi, kila sehemu inarefuka zaidi

Mzizi hauko hivyo. Kiasi kinacholirefusha shina huuzuia mzizi, na haraka mno: ndani ya dakika chache za mwanzo kasi imeshashuka. Kwenye mzizi oksini hufanya protoni ziingie ndani ya seli, kwa hiyo asidi ya ukuta inapungua badala ya kuongezeka. Homoni ni ile ile, ukuta ni wa aina ile ile, kilichogeuka ni mwelekeo wa protoni. Naona huu ni ushahidi mzuri kwa nadharia ya asidi, ingawa mara nyingi hutajwa kama pingamizi.

Dhana: asidi inaeleza kila kitu

Ukikipa kipande hai cha shina asidi peke yake, kinaruka mara moja, kisha kasi inafifia baada ya saa moja au mbili. Ukikipa oksini, kinasubiri kama dakika 10 hadi 15 kabla ya kuchangamka, lakini kinaendelea kwa saa nyingi. Asidi inaeleza mwanzo huo. Kwa muda mrefu seli inahitaji pia kutengeneza selulosi mpya na kuipeleka ukutani, la sivyo ukuta ungezidi kuwa mwembamba kila seli inaporefuka. Inahitaji pia chumvi na sukari za kuendelea kuvuta maji.

Kuna kosa moja la maabara ambalo limewafanya watu waitupe nadharia nzima. Kama asidi ndiyo inayolegeza ukuta, kipande kilichowekwa kwenye bafa isiyo na asidi wala alkali kinatakiwa kikatae kurefuka hata kikipewa oksini. Mtu anajaribu, kipande kinarefuka vizuri tu, anatangaza kwamba nadharia imekufa. Alichosahau ni kwamba shina limefunikwa na nta inayozuia protoni kupita, kwa hiyo bafa yake haikuwahi kufika ukutani. Kwaruza ngozi ya shina kwa unga laini wa chembe ngumu, au ichune kabisa, kisha rudia: ukuaji unaoletwa na oksini unazimika kwa sehemu kubwa.