Je, wajua nyimbo zinakwenda wapi ukigeuza akaunti kuwa ya biashara?

"Jana nimegeuza akaunti yangu ya Instagram kuwa ya biashara, leo nikitafuta wimbo wa kuweka kwenye rili naona miziki ya watu nisiowajua kabisa. Nimefungiwa au?"

Hujafungiwa, na apu yako haina shida yoyote. Mikataba ambayo Instagram imeingia na wenye muziki inaruhusu watu watumie nyimbo kwa mambo yao binafsi, sio kuuzia bidhaa, na ulipobonyeza "Business" ulijitambulisha kwamba unauza. Nyimbo zinazojulikana zikaondolewa upande wako, ukabakishiwa maktaba ya miziki ambayo haki zake zimeshamalizwa kwa ajili ya matangazo.

Hili na mimi nililikosea kwa muda mrefu. Nilikuwa nawaambia watu wafanye apdeti, wakishindwa wafute apu waiweke upya, na ikigoma kabisa nawaambia ni mbinu, wanatubania nyimbo ili tulipie matangazo. Maelezo haya yanaingia akilini vizuri sana ndo maana bado yanazunguka kwenye komenti, lakini hayasimami hata kidogo ukiyapima kwa jambo moja. Chukua rili yenye wimbo unaotrendi, kutoka akaunti ambayo bado ina nyimbo, halafu jaribu kuibusti kwa pesa yako. Itakataliwa, utaambiwa ina muziki wenye hakimiliki. Sasa kama shida ingekuwa ni pesa yako, hapo ndo mahali ambapo wangeipokea, mteja amekuja na hela mkononi na wanaikataa. Ukishaona hivyo unaelewa kwamba kizuizi kinatoka kwa mtu mwingine ambaye hata humuoni kwenye skrini, yaani mwenye wimbo.

Na hapo inabidi tuende taratibu kidogo.

Wimbo mmoja unaousikia una haki mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi au kampuni inayosimamia watunzi. Halafu kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio, ambayo mara nyingi ni ya lebo. Ukitaka kuweka wimbo kwenye tangazo unahitaji ruhusa ya pande zote mbili, na kila upande una bei yake, na upande wowote una haki ya kukataa tu hata kama wewe una hela, kwa mfano msanii hataki sauti yake isikike kwenye tangazo la pombe.

Fikiria bima ya gari. Una gari la nyumbani, umelikatia bima ya matumizi binafsi, unapeleka watoto shule, unaenda nalo msibani, unambeba jirani, yote sawa. Siku ukianza kupakia abiria wa kulipa, gari ni lile lile, barabara ile ile, dereva yule yule, lakini bima yako haikufuati tena, kwa sababu bei uliyolipa ilipigwa kwa kazi nyingine. Kampuni ya bima haijakuchukia, wala haijasema gari lako ni bovu. Leseni za muziki za mitandao ziko hivyo hivyo. Mtandao umelipa bei ya pamoja ili mamilioni ya watu wacheze na nyimbo kwenye bethidei na safari zao. Bei ya kuuzia bidhaa haimo humo, kwa sababu ukiiweka humo lebo inapoteza soko lake lote la matangazo kwa siku moja.

Na wenye nyimbo wanafuatilia kweli, hii sio nadharia. Mwaka 2021, kule Marekani, kampuni kubwa ya muziki ya Universal Music Group iliishtaki kampuni inayotengeneza kinywaji cha Bang, kwa sababu video zake za TikTok za kutangaza kinywaji zilitumia nyimbo zao bila leseni. Kampuni ikajitetea kwamba iliamini nyimbo zilizomo ndani ya TikTok zinaruhusiwa kutumika. Mwaka 2022 mahakama ya Florida ikaamua kwamba kwa video zile ambazo kampuni ilizitengeneza na kuziposti yenyewe, imevunja hakimiliki. Ukisoma utetezi ule utaona ni maneno yale yale ambayo sisi wote tunayasema: si ipo kwenye apu? Kuwepo kwenye apu ni sawa na gari kuwa na bima, swali ni bima ya kazi gani.

Aina za akaunti nazipitia haraka. Instagram ina akaunti ya kawaida na akaunti ya kitaaluma, na hiyo ya kitaaluma imegawanyika mara mbili, "Creator" na "Business". Zote mbili zinakupa takwimu, kubusti, kupanga posti mapema (mwisho siku 75 mbele, na posti 25 kwa siku), na inboksi iliyogawanywa ili wateja wasichanganyike na washkaji. Zote mbili haziwezi kuwa za faragha. Tofauti inayoumiza kwa mtu wa rili ni muziki: "Creator" kwa kawaida inabaki na maktaba kubwa, "Business" inabanwa. Nasema kwa kawaida kwa sababu inabadilika pia kulingana na nchi, utakuta akaunti mbili za biashara haziioni orodha moja, kwa hiyo usishangae mwenzako akikuonyesha wimbo ambao kwako haupo.

TikTok wao wana ya binafsi na ya biashara tu. Ya biashara inaona maktaba ya kibiashara peke yake, na ukijaribu kuchukua sauti ya video ya mtu inaweza kukutokea "This sound isn't licensed for commercial use". Cha kuvutia zaidi ni kwamba hata kwenye akaunti binafsi, ukiwasha ile swichi ya kutangaza kwamba video yako inauza kitu, ukachagua "Your brand" au "Branded content", nyimbo za kawaida zinazuiwa kwa video hiyo hiyo moja. Akaunti haijabadilika, kilichobadilika ni kazi ya video. Mimi hiki ndo kilinifungua macho kuliko maelezo yote, kwamba aina ya akaunti ni dalili tu wanayoitumia kukisia unafanya nini.

Nikuonyeshe kwa mtu mmoja. Rafiki yangu anashona mikoba, akaunti yake ilikuwa ya faragha, wafuasi kama mia sita, na maombi 41 ya kumfuata yalikuwa yamelala hajayagusa. Kabla hajabadilisha nikamwambia asafishe hayo kwanza, kwa sababu ukitoka faragha kwenda akaunti ya kitaaluma profaili inakuwa ya wazi na maombi yote yanayosubiri yanakubaliwa yenyewe, hakuna kuulizwa moja moja. Akayapitia, akakataa 29, mengine ni watu aliowakimbia miaka. Akaficha na picha za wanawe. Ndo akaingia kwenye menyu, "Account type and tools", "Switch to professional account", akachagua kundi la kazi yake, akabonyeza "Business" kwa sababu alitaka kitufe cha simu na anwani.

Siku ya pili nyimbo hazipo. Akarudi pale pale, "Switch account type", akaenda "Creator", nyimbo zikarudi, na hakupoteza kitu kwenye posti zake. Akatengeneza rili ya mkoba mpya, sekunde 22, na wimbo unaotrendi, ikapata laiki nzuri, akataka kuibusti, ikakataliwa.

Hapa ndo watu wengi wanakwama, wanadhani kuhamia "Creator" ni kupata ruhusa. Sio ruhusa. Mlango umefunguliwa, lakini masharti ya muziki ya Meta, ambao ndo wenye Instagram, yanasema wazi kwamba kutumia muziki kwa biashara bila leseni hairuhusiwi, na mkoba wenye bei kwenye maelezo ni biashara iwe akaunti inaitwaje. Mtu wa kuchekesha au wa kufundisha ambaye hauzi kitu, "Creator" inamfaa vizuri. Mtu ambaye kila posti yake ni bidhaa, amejirudisha tu kwenye gari la nyumbani huku bado anapakia abiria.

Na zile tiba za mtaani nazo hazitibu. Hakuna idadi ya sekunde ambayo ni salama, hiyo ya sekunde 15 haina sheria nyuma yake. Kumtaja msanii kwenye maelezo ni heshima nzuri lakini sio leseni. Kuupiga wimbo kwa spika nje ya simu kisha kurekodi, mfumo wa kutambua sauti unaukamata na video inaweza kunyamazishwa. Kuimba mwenyewe kunakutoa kwenye haki ya rekodi tu, utunzi bado ni wa mtu.

Zinazofanya kazi ni hizi. Meta wana maktaba yao inaitwa Meta Sound Collection, bure, unaweza kuuzia nayo, ila ni kwa Facebook na Instagram tu. TikTok nao wana Commercial Music Library, na yenyewe ni kwa TikTok. Kosa linalojirudia hapa ni mtu kutengeneza video TikTok kwa wimbo halali wa kibiashara, akaidaunilodi na kuiposti Instagram akiamini leseni imesafiri nayo, wakati imebaki kule kule. Ukiwa na msanii unayemjua, mwombe ruhusa kwa maandishi, na hakikisha aliyesaini ndiye mwenye utunzi na ndiye mwenye rekodi pia, maana prodyuza anaweza kuwa na sehemu yake.

Rafiki yangu yeye alichukua njia fupi zaidi. Alirudi "Business", akaweka simu karibu na cherehani, akarekodi sindano inavyopiga kwenye ngozi, mkasi, zipu ikifungwa mara mbili, na juu yake akaongea mwenyewe akieleza kwa nini mshono wa pembeni anaupitisha mara mbili. Rili ikaenda, busti ikapita bila swali. Wiki iliyofuata akaipeleka video ile ile TikTok bila kubadilisha hata sekunde moja, kwa sababu sauti yote iliyomo ni yake.