Gari likivuta upande, chunguza breki kabla hujalipa

Nikiitwa kumsindikiza mteja kujaribu gari lililotumika, yeye hutega sikio kwenye injini. Mimi nashika usukani na breki kwanza. Injini inaweza kuoshwa na kuwekewa oili nzito jana yake ili itulie. Gari linalovuta upande ni vigumu zaidi kulificha likiwa barabarani.

Wiki iliyopita nilikwenda na kijana mmoja kujaribu gari dogo pale Tegeta. Nilimwomba dalali azime redio, tukatoka. Kwenye mwendo wa 60 nikalegeza vidole bila kuuachia usukani. Gari likaelekea kushoto. Hapo bado si pa kuhukumu, kwa sababu barabara zetu zina mgongo katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, hivyo hata gari lisilo na kasoro hushuka kidogo upande huo. Tukatafuta mahali tambarare. Bado likavuta.

Nikatazama nyuma, hakuna mtu, nikakanyaga breki. Likavuta kushoto kwa nguvu zaidi. Tatizo la tairi au alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, kwa kawaida huvuta muda wote, ukifunga breki au usifunge. Likivuta kushoto wakati wa breki tu, mara nyingi breki ya kulia ndiyo haishiki. Hili lilivuta nyakati zote mbili na kuzidi kwenye breki, nikahisi breki ya kushoto haiachii.

Tuliendesha kama dakika kumi bila kugusa breki sana, tukasimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Ya kulia ilikuwa na uvuguvugu, ya kushoto ilitoa joto kali. Kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, imeganda, pedi zinasugua diski safari nzima.

Pedali nayo ina maneno yake. Injini ikiwaka na gari limesimama, ikanyage uishikilie nusu dakika. Ikizama polepole, mafuta ya breki yanavuja, ama nje ama ndani ya masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa kwenye mfumo. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kutoka mwendo wa 80, diski za mbele hazina unene sawa.

Kuhusu milio, ninayoiogopa zaidi ni ngurumo inayokua pamoja na mwendo. Ikibadilika lami inapobadilika, ni tairi. Ikizidi unapokata kulia, uzito umeegemea kushoto, basi shuku beringi ya gurudumu la kushoto. Mlio wa ka-ka-ka ukikunja usukani hadi mwisho kwa mwendo wa taratibu ni jointi ya nje ya draiv shafti, mhimili unaozungusha gurudumu.

Kijana hakulipa siku ile. Mwenye gari alitengeneza kalipa, akabadilisha pedi za pande zote mbili, tukarudi barabara ileile. Likaenda sawa, na rimu zote mbili za mbele zikawa na uvuguvugu uleule.