Kiwewe na kiwewe changamani: swali la pili ambalo halipaswi kusahauliwa

Chukua mfano wa dada wa miaka 29, tumwite Neema. Amekuja kliniki kwa sababu hapati usingizi. Akiwa na miaka 10 alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani, akapigwa kwa miaka sita. Hadi leo akisikia kitasa kikizungushwa, anajiona yuko tena katika jiko lile. Mtaa ule hapiti. Popote akaapo, huelekeza uso mlangoni.

Hapo dalili tatu za ugonjwa wa kiwewe zimetimia kwa mujibu wa ICD-11, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022: tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa, kukwepa vinavyolikumbusha, na kuhisi hatari muda wote. Wengi huishia hapo na kuandika 6B40, msimbo wa ugonjwa huo katika mwongozo.

Lakini muulize na mengine. Mwanawe akimwaga chai, hufoka, kisha huganda saa nzima bila kuhisi chochote. Kuhusu nafsi yake anasema, "Mimi ni takataka tu." Mtu akianza kumzoea, yeye hukata mawasiliano. Hisia zisizotawalika, kujiona duni na kushindwa kuwa karibu na watu, vyote vikidumu na kuvuruga maisha, pamoja na zile dalili tatu, ndivyo kiwewe changamani, 6B41. Haandikiwi magonjwa mawili. Hili la pili hubeba la kwanza.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuamua kwa kutazama tukio. Mateso ya muda mrefu huongeza uwezekano, ila aliyeteswa miaka mingi anaweza kuwa na 6B40 tu. Dalili ndizo huamua. Tena usichanganye na ugonjwa wa haiba ya hisia zisizotulia: huko, mara nyingi, mtu hung'ang'ania wenzake akiogopa kuachwa, na namna anavyojiona hupanda na kushuka. Neema hujiona duni siku zote, na ni yeye anayekimbia.

Kwa 6B40, vikao 8 hadi 12 vya kuikabili kumbukumbu yenyewe mara nyingi hutosha. Neema atahitaji vingi zaidi, na muda wa kumwamini mtaalamu. Wataalamu hubishana kama lazima kwanza afundishwe kutawala hisia. Kwa maoni yangu, majuma machache ya mafunzo hayo yanafaa, mradi yasigeuke kisingizio cha kuiahirisha kumbukumbu mwaka mzima. Kumpa diazepamu ili alale hakutibu kiwewe.

Akisimulia, mtazame macho. Yakikodoa na asijibu akiitwa, ameondoka chumbani kimawazo, na kuendelea kusimulia hakumsaidii. Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona. Akirejea, endeleeni na kipande kifupi zaidi cha simulizi ileile.