“Make” au “do”? Dhana potofu kuhusu kukariri maneno ya Kiingereza

Dhana: Ukishajua maneno mengi, kuyaunganisha kutakuja kwenyewe.

Mchukue mwanafunzi wa sekondari pale Likoni. Daftarini ameandika “decision: uamuzi” na “do: fanya”, na yote mawili ni sahihi. Ikifika insha anaandika “I did a decision”. Kwetu mtu hufanya uamuzi kama anavyofanya kazi, makosa na biashara. “Fanya” moja hubeba yote. Kiingereza kimeigawa: “make a decision” na “make a mistake”, lakini “do homework” na “do business”. Katika kosa lile hamna neno asilolijua, kwa hiyo kumwongezea msamiati hakumsaidii kitu. Nasi pia tuna yetu. Twapiga simu, pasi, mswaki, deki na hodi, na mgeni akiuliza kwa nini vyote vinapigwa, jibu ni kwamba ndivyo tusemavyo.

Dhana: Kanuni ipo: “make” ni kutengeneza, “do” ni kutenda.

Inafaa kwa keki. Lakini “make the bed” si kazi ya seremala, ni kutandika kitanda, na wasafisha vyumba wa hoteli za Nyali wanalijua hilo vizuri.

Dhana: Basi tukariri orodha mbili, ya “make” na ya “do”.

Walimu wengi hupenda njia hii, mimi siipendi. Vitu vinavyofanana vikiingia kichwani siku moja huchanganyikana, na kwenye mtihani mtu hukumbuka kuwa neno lilikuwa kwenye orodha, asikumbuke ipi.

Anza na nomino, kwa sababu ndiyo inayochagua kitenzi chake. Chini ya “decision” andika “make”, “reach” na “postpone”, kisha sifa zake kama “difficult” na “final”. Halafu tengeneza kadi. Upande mmoja weka sentensi nzima ya Kiswahili, “Ameshaamua”, na wa pili “She has made a decision”. Usiandike “uamuzi” peke yake, maana Kiswahili mara nyingi humaliza kwa kitenzi kimoja pale Kiingereza kinapotaka kitenzi na nomino: kuamua, kukosea, kuoga.

Nakili na vidogo vyake. “Make a decision” ina “a”. “Do homework” haina “a” wala haipokei “s” mwishoni, na “make progress” ni vivyo hivyo. Kujipima, ficha kitenzi na hiyo “a”, uache nomino tu. Ukisita, kadi irudi kwenye rundo la kesho.

Dhana: Kila nomino ina kitenzi kimoja tu kilicho sahihi.

La. Waingereza husema pia “take a decision”, na mtihani waweza ku-“do” au ku-“take”. Mwalimu asiweke alama nyekundu hapo.